Kabla ya Kulilaumu Ini, Ulizia Mkojo

Wiki iliyopita nimepokea tena mgonjwa mwenye barua ya rufaa ya mstari mmoja: macho ya njano, ini limeathirika. Mkojo haukutajwa, wala choo. Na kila mtu aliyemwona njiani, kuanzia jirani hadi muuza dawa, alikuwa amemwambia jambo lile lile: macho ya njano ni ini, kunywa glukosi, acha mafuta. Nimechoka kulisikia, kwa sababu safari hii limekaribia kuua.

Mgonjwa ni kijana wa miaka 19 kutoka Ukerewe, mwenye sikoseli. Mama yake ndiye aliyeniambia neno la maana kuliko barua nzima. "Daktari, macho yake ni ya njano tangu utotoni, hayo tumeyazoea. Lakini siku hizi mkojo wake unatia doa kwenye nguo." Nikamuuliza choo kikoje. Akamtazama mwanawe, kijana akainamisha kichwa, akasema ni cheupe kama udongo wa kupakia ukuta. Mwili ulimwasha usiku kucha, na kwa siku mbili alikuwa akitetemeka kwa homa. Kwao walidhani ni malaria.

Ili uone kwa nini majibu yale yalinifanya niache kalamu, ifuate rangi yenyewe inakotoka. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikizeeka huvunjwa, hasa ndani ya wengu, na mabaki yake ndiyo bilirubini, rangi ya njano. Bilirubini hii changa haiyeyuki kwenye maji. Husafiri ikiwa imeshikilia protini ya damu iitwayo albumini, na mzigo huo ni mkubwa, figo haziupitishi. Ikifika kwenye ini hufungwa pamoja na asidi ya glukuroniki, na hapo ndipo inapoanza kuyeyuka. Ini huimwaga kwenye nyongo, nyongo hushuka kwa mrija wake hadi kwenye utumbo, na bakteria wa utumbo huigeuza kuwa ile rangi ya kahawia ya choo.

Sasa rudi kwenye mkojo. Kwa kuwa bilirubini changa haipiti kwenye figo, bilirubini yoyote utakayoikuta kwenye mkojo imeshapita mikononi mwa ini. Ini limeifunga, halafu ikakosa njia ya kutokea, ikarudi kwenye damu. Hili ndilo watu hawalitaki kulisikia. Mtu ambaye shida yake ni chembe kuvunjika kwa wingi tu, kama mwenye sikoseli katika siku zake za kawaida, atakuwa na macho ya njano na mkojo usio na bilirubini. Chembe zake huishi siku 10 hadi 20, taka ni nyingi, na ini lake, likiwa zima, linafanya kazi ya ziada. Kumwambia mtu huyo kwamba ini limeharibika ni kumtisha bure.

Mkojo ukiwa kama chai ya rangi iliyokolea, na ukitikiswa povu lake likawa la njano, shida iko kwenye ini lenyewe au kwenye mrija. Homa ya ini inaweza kufanya hivyo, na jiwe au uvimbe unaobana mrija vilevile. Choo ndicho kinachosaidia kutenganisha: mrija ukizibwa kabisa, rangi haifiki utumboni na choo hupauka. Vitabu huishia hapo, nami nilikuwa naishia hapo. Lakini nimeona homa ya ini kali ikipausha choo kwa wiki kadhaa bila jiwe lolote, na nimeona jiwe linalocheza ndani ya mrija, leo limeziba, kesho limeachia, choo kikawa cha kahawia siku ile niliyouliza. Kwa hiyo choo chenye rangi hakiniridhishi peke yake.

Kuna giza jingine la mkojo ambalo halihusiani na nyongo. Chembe zikipasuka ndani ya mishipa kwa kasi, kama kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD aliyepewa dawa ya malaria iitwayo primakwini, mkojo huwa mwekundu-kahawia kama kola. Kijiti cha kupimia kitaonyesha damu, lakini mraba wa bilirubini utabaki hasi. Mvuvi aliyeshinda juani bila maji naye atakojoa mkojo mzito, ila macho yake ni meupe na akinywa maji unasafika. Na tafadhali, mkojo usiachwe dirishani ukisubiri kupimwa. Mwanga huivunja bilirubini, na jibu litatoka hasi kwa mtu anayeumwa.

Kwa kuwa tuko kandokando ya ziwa, mtu ataniuliza kichocho. Kichocho cha tumbo huweka makovu kuzunguka mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini, wengu ukavimba, mtu akatapika damu. Lakini seli za ini mara nyingi huendelea kufanya kazi, na macho hubaki meupe kwa muda mrefu. Mgonjwa wa kichocho akiwa wa njano, natafuta sababu nyingine juu yake.

Kwa kijana wetu, mkojo ulisema zaidi kuliko ungesema kwa mtu mwingine, maana figo za mwenye sikoseli hushindwa kuukoleza mkojo, na kwa kawaida wake huwa mwepesi. Daftari lake la kliniki lilionyesha bilirubini ya jumla ya maikromoli 60 kwa lita, karibu yote changa. Safari hii ilikuwa 290, na 230 kati ya hizo zilikuwa zimeshafungwa na ini. Kuvunjika kwa chembe peke yake ni nadra kuipandisha kupita 100. Altrasaundi ilionyesha mrija wa nyongo wenye upana wa milimita 12, wakati tunatarajia usizidi 6 au 7. Jiwe halikuonekana. Hilo halikunishangaza, kwa sababu hewa ya utumbo huficha sehemu ya chini ya mrija, na altrasaundi isiyoona jiwe haijathibitisha kwamba halipo.

Na mawe yalitoka wapi? Kutoka kwenye ule ule umanjano waliouzoea. Bilirubini ikizidi kwenye nyongo mwaka hadi mwaka huganda kuwa vijiwe vyeusi. Kimoja kiliteleza kwenye mrija, nyongo ikatuama, vijidudu vikaingia. Kule kutetemeka hakukuwa malaria. Kulikuwa usaha ndani ya njia ya nyongo, na mtu hufa nao kwa siku chache.

Tulianza antibiotiki kwa mshipa usiku ule ule, na sindano za vitamini K, kwa sababu bila nyongo utumbo haunyonyi vitamini hiyo na damu hukataa kuganda. Aliongezewa damu, kisha wapasuaji wakafungua mrija. Walitoa vijiwe viwili, kila kimoja kidogo kuliko punje ya choroko, na mfuko wa nyongo uliojaa vingine.

Siku ya kumi na mbili mama yake alinivuta pembeni wodini. Macho ya mwanawe bado yalikuwa ya njano, akaogopa kwamba upasuaji umeshindikana. Nikamwomba kijana aende chooni na chupa safi. Alirudi na mkojo mweupe kama maji ya mvua, nikaunyanyua kwenye mwanga ili mama auone.