Soketi Isiyolalamikiwa Ndiyo Niliyoiandika ya Kwanza

Shule ya msingi ninayotunza majengo yake ina daftari la hitilafu pale ofisini. Mwalimu akiona kitu kimeharibika anaandika, mimi napita asubuhi nasoma. Mwezi uliopita Mwalimu Mkuu aliniita akasema fedha za ukarabati hazitoshi kila kitu, nimwandikie taa na soketi zote mbovu za madarasani kwa kufuata hatari, ili ajue aanzie wapi.

Nilipofungua daftari, taa moja ya Darasa la Sita ilikuwa imeandikwa mara tano. Ni ile ya tubu ndefu, inawaka na kuzima siku nzima. Soketi niliyokuja kuiweka namba moja haikuwa imeandikwa hata mara moja, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi vizuri. Kinachosumbua macho kinalalamikiwa, kinachochaji simu hakilalamikiwi. Kwa hiyo niliacha daftari mezani, nikachukua testa, mita na tochi, nikapita chumba kwa chumba. Kila kitu nilikiuliza maswali matatu. Je, mtoto anaweza kuufikia moto, yaani sehemu yenye umeme, bila kujua? Je, kuna mahali panapopata joto? Na ikitokea hitilafu, breka itakata?

Barua nilianza hivi:

"Mwalimu Mkuu, shikamoo.
YAH: HITILAFU ZA TAA NA SOKETI MADARASANI
1. Darasa la Kwanza, soketi ya ukuta wa nyuma. Matundu ya moto yako wazi. Nimezima breka yake na kubandika karatasi. Naomba isiwashwe na mtu yeyote hadi soketi ibadilishwe."

Soketi zetu hizi za pini tatu zina vifuniko vidogo ndani vinavyoziba matundu mawili ya chini. Pini ya juu, yaani ya ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ni ndefu kuliko wenzake. Inaingia kwanza, inasukuma vifuniko, ndipo pini nyingine zinapita. Sasa mtu mwenye chaja ya pini mbili anafanya nini? Anachomeka kalamu au kijiti tundu la juu ili vifuniko vifunguke. Nilipomulika tochi kwenye ile ya Darasa la Kwanza, nikaona kipande cha kalamu ya plastiki kimevunjikia ndani ya tundu la ethi. Vifuniko vimebaki wazi moja kwa moja. Ukiitazama kwa mbali ni soketi nzima, nyeupe, haina hata ufa. Na iko usawa wa goti langu, mbele ya watoto wa miaka sita na saba wenye penseli mkononi.

Breka isingemwokoa mtoto. Breka ya ampea 20 inalinda waya, hailindi mwili. Umeme wa volti 230 ukipita mwilini, kiasi chake mara nyingi ni chini hata ya ampea moja, na hicho kinatosha kuua. Breka haihisi chochote. Niliiacha namba moja ingawa nilikuwa nimeshaizima, kwa kuwa breka iliyozimwa inaweza kuwashwa na yeyote anayetafuta umeme wa kuchaji.

Namba mbili ilinichukua muda zaidi. Chumba cha kompyuta, soketi zote sita. Mwalimu wa pale aliniambia tu, "Fundi, hizi mashine zinatekenya ukigusa bati la nyuma." Alikuwa ameshazoea, anavaa kandambili anaendelea na kazi. Mimi sikuzoea.

Kompyuta ya mezani ina kichujio kinachounganisha waya wa moto na nyutro, ule wa kurudisha umeme, kwenye bati lake, na kazi ya ethi ni kuchukua kile kidogo kinachovuja. Ethi ikiwa haipo, bati linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo sana, ndiyo maana unatekenya badala ya kukupiga. Hatari iko kwenye siku ambayo waya wa moto utagusa bati lenyewe. Hapo bati litakuwa na volti 230 kamili, hakuna njia ya kuurudisha umeme, na breka itatulia kimya ikimsubiri mtu aguse.

Testa haiwezi kukuonyesha kasoro hii, inakuambia moto upo tu. Nilichukua mita. Moto na nyutro ikasoma 231. Moto na ethi ikasoma 94, halafu 70, halafu 88, inayumba. Ethi nzuri ingesoma karibu sawa na nyutro. Nikafuata waya wa kijani hadi nje, nyuma ya jengo, penye fimbo ya ethi. Waya ulikuwa umekatwa shubiri moja juu ya ardhi. Ncha ilikuwa imepondeka, ishara ya jembe. Wanafunzi hufyeka na kulima pale kila wiki.

Kwa Mwalimu Mkuu niliandika mambo mawili: waya uunganishwe na upitishwe ndani ya bomba, na iongezwe ile swichi yenye kitufe kidogo cha majaribio, ya miliampea 30. Kwa nini ya pili? Kwa sababu hata fimbo nzuri, umeme unaorudi kupitia udongo huwa mara nyingi ni mdogo kuliko kiasi cha kuangusha breka. Swichi hiyo inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ikiona pengo inakata papo hapo. Kazi hii nilimwomba aite fundi mwenye leseni ya EWURA, maana inagusa meinswichi na majengo yote.

Namba tatu ni soketi ya chumba cha walimu, ile ya birika. Uso wake umegeuka rangi ya chai upande mmoja. Skrubu ya ndani imelegea. Birika la wati 2000 linavuta karibu ampea 9, breka inaona mzigo wa kawaida. Lakini penye mguso uliolegea wenye ukinzani wa nusu omu tu, hizo ampea 9 zinazalisha karibu wati 40 za joto kwenye sehemu ndogo kama ncha ya kidole. Hicho ni kiasi cha pasi ya kulehemu, na imekaa ndani ya plastiki. Ungeligundua kwa kugusa plagi baada ya chai: ikiwa moto usioshikika, usiendelee kuitumia. Niliweka ya tatu kwa sababu wanaoitumia ni watu wazima na wapo chumbani inapofanya kazi. Kama ingekuwa bwenini, ningeipandisha juu ya kompyuta.

Taa ya Darasa la Sita niliiandika ya mwisho. Kuna hali moja ambayo ingenifanya niipandishe: choki, kile kisanduku kinachodhibiti umeme wa tubu, ikinuka kuungua au kuchuruzika lami. Nilipanda ngazi umeme ukiwa umezimwa, nikaishika. Ilikuwa ya uvuguvugu, haina harufu. Ncha za tubu zilikuwa nyeusi, yaani tubu imezeeka na staata inajaribu kuiwasha bila kikomo.

Mwalimu Mkuu alisoma barua, akaniuliza, "Sasa hii ya Darasa la Sita wataendelea kuumwa macho hadi lini?" Nikamwambia tubu na staata nitabadilisha mwenyewe Jumamosi, haihitaji kupangiwa foleni na fundi wa leseni. Fedha zikaanza na soketi ya Darasa la Kwanza. Ya ethi ilifuata wiki iliyopita, na jana mita chumba cha kompyuta ilisoma 230 moto na ethi, bila kuyumba.