Sukari na amonia kwenye sigara: zimewekwa za nini?

"Nasikia sigara inatiwa sukari. Mbona nimevuta miaka 10 na sijaonja utamu?"

Sukari haikufikii ikiwa sukari. Nyingi huungulia pale kwenye kaa la sigara, na moshi hubeba harufu kama ya sukari iliyoungua sufuriani, pamoja na tindikali. Tindikali hiyo ndiyo inayokufanya uvute bila kukabwa. Moshi wenye alkali, kinyume cha tindikali, huchoma koo, na ndiyo maana mvuta kiko huuzungusha mdomoni tu. Ukilainishwa unashuka hadi mapafuni, na kutoka hapo nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20.

Tazama tumbaku inavyokaushwa. Aina ya Virginia ya Tabora huingizwa kwenye bani, banda la kukaushia kwa joto. Wanga wa jani hugeuka sukari, kisha joto hulikausha kabla halijaitumia. Aina ya Burley ya Malawi huning'inizwa kivulini kwa wiki kadhaa, na jani hujila lenyewe taratibu mpaka sukari karibu yote iishe. Sigara za mchanganyiko wa Kimarekani zina zote mbili, kwa hiyo kiwandani Burley hurudishiwa sukari, mara nyingine pamoja na kakao.

"Na amonia? Si ile inayonuka chooni? Wanaitia ili tushindwe kuacha?"

Ndiyo hiyo hiyo. Huingia kama chumvi yake, diamoni fosfeti, pale vumbi na vijiti vya tumbaku vinapopondwa na kufanywa karatasi ya kukatwakatwa. Ikikutana na sukari kwenye joto hutoa ladha ya kitu kilichokaangwa, karibu na chokoleti. Pia huongeza alkali kidogo, na alkali hugeuza sehemu ya nikotini kuwa nikotini huru, ipenyayo ngozi laini za mwili kwa urahisi.

Hapo ndipo uvumi unapopita ushahidi. Majimaji ya mapafu yenyewe hupoza tindikali ya moshi, kwa hiyo nikotini hupenya hata bila amonia. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilipolichunguza jambo hili mwaka 2010 haikuona majaribio yanayothibitisha kwamba amonia inaongeza nikotini mwilini. Kwa maoni yangu, anayeitazama amonia peke yake anaiachia sukari, ambayo ndiyo iliyoufungulia moshi mlango.

Na sukari ikiungua hutoa pia asetaldehidi. Panya wa umri wa kubalehe waliopewa nyenzo ya kujidunga walijidunga zaidi nikotini ilipochanganywa nayo. Panya si mtu, lakini gesi hiyo inawasha njia ya hewa na inahusishwa na saratani.

"Basi nitafute isiyotiwa kitu?"

Utapata Virginia tupu, yenye sukari yake ya asili na moshi laini vilevile. Waingereza wamevuta sigara za namna hiyo kwa miongo mingi, zenye viongezo vichache kuliko za Kimarekani, na kuacha kwao kumekuwa kugumu vilevile. Lami na kaboni monoksaidi hutoka kwenye jani lenyewe linapoungua.