Bango lina QR, folda haifunguki: tunayoyaamini na yalivyo

"Msimbo wa QR huisha muda."
Vile vimraba ni linki iliyochorwa tu, havijui tarehe. Kinachoisha muda ni huduma ya tovuti za "bure" zinazojiweka katikati: simu inapitia kwao kwanza, ndipo wao waielekeze kwenye folda yako ya Google Drive. Muda wa majaribio ukiisha, dalali huyo anadai pesa na bango lako limeshagandishwa ukutani. Kumtambua si kazi. Skani bila kufungua, usome linki inayotokea. Ikianza na `drive.google.com/drive/folders/`, hakuna dalali. Ikiwa ni anwani fupi usiyoijua, yupo.

Kupitia katikati si kosa kama njia ni yako. Mwenye tovuti yake anaweza kuchapa anwani ya hapo na kuielekeza upya wakati wowote, mradi alipie jina la tovuti kila mwaka.

"Jina la folda likibaki lilelile, bango litafanya kazi."
Hili ndilo linaloumiza wengi. Chukulia kikundi cha wauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, chenye bango linalofungua folda ya "Fomu na Bei". Mwaka mpya, katibu anaifuta ya zamani na kutengeneza nyingine yenye jina hilohilo. Anayeskani sasa anaambiwa haipo. Google Drive haiangalii jina, inaangalia ule mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu baada ya `folders/`, na folda mpya hupewa mwingine. Kumbe angebadilisha jina, au angeihamishia folda ileile mahali pengine kwenye Drive yake, linki isingeguswa. Kazi yake ilikuwa kutoa faili za zamani na kuweka mpya ndani, basi. Kwa bahati, folda iliyofutwa hukaa kwenye pipa la taka siku 30. Mwenye akaunti akiirudisha, bango linafufuka.

Ndiyo maana folda isiwe kwenye akaunti binafsi ya katibu. Fungua akaunti ya kikundi, na nywila wajue viongozi angalau wawili.

"Kwangu inafunguka, kwa hiyo iko sawa."
Kwako inafunguka kwa sababu ni yako. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine, au kwenye dirisha la faragha ambalo hujaingia kwenye akaunti yoyote. Ukiona `You need access`, au ukiletewa ukurasa wa kuingia kwenye akaunti ya Google, folda ipo, ruhusa ndiyo haipo: weka `Anyone with the link`, na nafasi iwe `Viewer`. Ukiacha `Editor`, mpita njia yeyote anaweza kuondoa fomu zenu.

"Uzuri wa msimbo ni rangi na nembo katikati."
Weusi juu ya weupe ndio unaosomeka upesi, ukiwa na ukingo mweupe pande zote. Kwa makadirio, atakayesimama mita mbili anahitaji msimbo wa sentimita 20. Mafundi wa steshenari hupenda kubana ukingo ili maandishi yaenee. Kataa, kisha skani nakala moja iliyochapwa kabla ya kuagiza zote.