Mkopo wenye jumla ndogo si lazima uwe nafuu

"Ofa A nalipa jumla 1,140,000, ofa B 1,200,000, si A ndo rahisi?"

Si lazima, ingawa Kampala wengi wanahesabu hivo. Hela unayochelewa kulipa bado inakuzalia, kwa hiyo shilingi ya mwezi wa 9 ni nyepesi kuliko ya mwezi wa 1.

Tuseme mkopo ni milioni 1. A unalipa 190,000 mara 6 kuanzia mwezi wa 1, B ina miezi 3 ya neema halafu 200,000 mara 6, na hela yako kwenye stoki pale Kikuubo inakupa asilimia 5 kwa mwezi (faida ya kweli, ukishatoa usafiri na pango). Kila rejesho ligawe kwa 1.05 mara nyingi kama miezi yake, la mwezi wa 4 unagawa mara 4, ile 200,000 inabaki kama 164,500. Ukijumlisha, A ni kama 964,000, B 877,000. B ndo nafuu.

Ila kama hela yako inazaa asilimia 1 tu, A inakuwa 1,101,000 na B 1,125,000, hapo chukua A. Zinalingana karibu na 1.7 kwa mwezi. Na uliza kwanza, riba ya ile miezi ya neema ishaingia kwenye hiyo 200,000 au wataiongeza baadaye?