Kwa nini watoto hurefuka kwa vipindi: maswali ya darasa la sayansi

Kwa nini tusirefuke kiasi kilekile kila mwaka mpaka tuwe watu wazima?

Urefu wako unategemea mifupa mirefu, hasa ya miguu, na mifupa hiyo hurefuka sehemu moja tu. Karibu na ncha za mfupa wa paja wa mtoto kuna tabaka jembamba la gegedu linaloitwa bamba la ukuaji. Ndani yake seli hugawanyika na kujipanga safu kwa safu, kama sarafu zilizowekwa moja juu ya nyingine. Seli za mwisho wa safu huvimba sana, na kuvimba huko ndiko kunakosukuma ncha ya mfupa iende mbele. Nafasi zilizoziacha hujazwa mfupa mgumu.

Seli hizi hazina kasi yake maalumu. Zinafuata chakula na homoni, na viongozi wao hubadilika kadiri umri unavyosogea. Mtoto mchanga huongozwa zaidi na lishe, ndiyo maana hurefuka karibu sentimita 25 katika mwaka wa kwanza, kisha 10 hadi 12 katika mwaka wa pili. Baadaye usukani hushikwa na homoni ya ukuaji, inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Hapo kasi hushuka mpaka sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na hukaa hapo kwa miaka kadhaa. Balehe inapoingia, homoni za uzazi huongezeka, nazo huichochea tezi ile itoe homoni ya ukuaji kwa wingi zaidi. Kasi hupanda tena kwa ghafla: katika mwaka wa kasi kubwa kuliko yote, msichana huongeza karibu sentimita 8 na mvulana karibu 9 au 10.

Mtu wa kwanza kuacha rekodi ndefu ya jambo hili alikuwa mzazi Mfaransa, Montbeillard, aliyempima mwanawe kuanzia mwaka 1759 hadi 1777. Ukichora vipimo vyake kwa kuonyesha sentimita zilizoongezeka kila mwaka, utauona mteremko mrefu wa utotoni, halafu kilima cha balehe.

Mbona wasichana wa darasa letu ni warefu kuliko wavulana, lakini nyumbani baba ni mrefu kuliko mama?

Kilima cha msichana huja mapema. Kwa wastani kasi yake hufika kileleni akiwa na miaka 11 na nusu hadi 12, na ya mvulana miaka 13 na nusu hadi 14. Kwa hiyo darasa la sita au la saba huwakuta wengi wa wasichana wako kileleni, na wavulana bado wako kwenye mwendo wa sentimita 5 kwa mwaka.

Kuchelewa huko ndiko kunakomfaidi mvulana. Anapata kama miaka 2 zaidi ya kurefuka kabla ya kilima kuanza, na kilima chake chenyewe ni kirefu kidogo. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoleta sehemu kubwa ya tofauti ya urefu kati ya wanaume na wanawake. Ndani ya jinsia moja pia umri hutofautiana sana, kwa hiyo mvulana wa miaka 13 ambaye bado ni mfupi anaweza kuwa amechelewa tu kuanza.

Na nini kinachosimamisha kurefuka?

Hapa ndipo penye ajabu kubwa: kinachosimamisha ni estrojeni, homoni ileile ya uzazi iliyosaidia kuanzisha kilima. Estrojeni kidogo huongeza kasi, lakini ikiendelea kuwapo kwa wingi kwa miaka, huchakaza akiba ya seli za bamba la ukuaji mpaka bamba lote linageuka mfupa. Hata kwa wavulana ni estrojeni, kwa kuwa mwili wao hugeuza sehemu ya testosteroni, homoni ya uzazi ya kiume, kuwa estrojeni. Tunalijua hili vizuri tangu 1994, madaktari wa Marekani walipoeleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Alikuwa na urefu wa sentimita 204, na mabamba yake ya ukuaji yalikuwa bado hayajageuka mfupa.

Ndiyo maana mtoto anayebalehe mapema mno huwapita wenzake kwa muda, halafu huishia kuwa mfupi. Kilima chake kilikuja mapema na kikafunga mlango mapema.

Kwa nini viatu vyangu vilibana kabla suruali haijawa fupi?

Mifupa haianzi mbio pamoja. Kwa kawaida nyayo hutangulia, miguu hufuata, na kiwiliwili huja mwisho. Kwa miezi kadhaa kijana huonekana mwenye miguu mirefu na mgongo mfupi, kisha mgongo huifikia.

Nilijipima jioni nikakuta nimepungua kuliko juzi asubuhi. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na mfupa haukupungua. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna sahani laini zenye maji. Ukisimama na kutembea mchana kutwa hubanwa, na jioni unaweza kuwa mfupi kwa sentimita 1 au zaidi. Usiku ukilala hujaa tena.

Kwa hiyo pimeni saa ileile, bila viatu, visigino na makalio yakigusa ukuta, macho yakitazama mbele sawasawa. Wekeni kitabu chenye jalada gumu juu ya kichwa, upande wake mmoja ukiulalia ukuta, mchore mstari chini yake. Pimeni mara tatu, kila mara mtu akitoka ukutani na kurudi, mchukue wastani.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 11. Januari ana sentimita 141.2, Aprili 142.6, Julai 145.1, Oktoba 147.6, na Januari inayofuata 149.3. Mwaka mzima ameongeza 8.1. Ili kupata kasi ya kila robo kwa mwaka, zidisha ongezeko lake kwa 4: robo ya kwanza ni 1.4 × 4, yaani 5.6, mbili zinazofuata ni 10 na 10, ya mwisho ni 6.8. Kilima kimejitokeza. Angejipima kila mwezi asingekiona vizuri, kwa sababu ongezeko la mwezi ni karibu milimita 7, na kosa la milimita 5 katika kupima ni la kawaida. Rukaruka nyingi zinazoonekana kwenye daftari ni makosa ya kitabu kilichoinama.

Nitajuaje kwamba kurefuka polepole ni tatizo na si kuchelewa tu?

Tazama kasi ya mwaka mzima kabla ya kutazama urefu. Mtoto mfupi anayeongeza sentimita 5 kila mwaka kwa kawaida yuko salama. Mwenye zaidi ya miaka 5 anayeongeza chini ya 4 kwa mwaka, kabla ya balehe, apelekwe kituo cha afya. Vivyo hivyo msichana asiye na dalili yoyote ya balehe akiwa na miaka 13, au mvulana akiwa na 14; na pia dalili zikianza kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana. Chukueni daftari la vipimo lenye tarehe. Mhudumu wa afya akiwa na vipimo viwili vilivyopishana miezi 6 au zaidi ataona mengi kuliko kwa kumtazama mtoto siku moja.