Faili la matangazo ya Meta limeshuka, sasa lisome hivi

Wateja wangu wengi hapa Mbeya wanaona matangazo yao kwenye simu: picha, namba mbili tatu, basi. Siku nikiwatumia faili lenyewe lililoshushwa kutoka Ads Manager, wanapiga simu. Safu ishirini na kitu, vichwa vyote kwa Kiingereza, baadhi ya visanduku vina maandishi yanayofanana na nywila. Hapa nitatumia faili la mama mmoja mwenye kitalu cha miche ya parachichi upande wa Uyole. Aliendesha matangazo mawili kwa wiki moja, moja likimpeleka mtu WhatsApp, la pili likimpeleka kwenye ukurasa wa bei. Namba nimezizungusha na safu nyingi nimezitoa ili tuone zile zinazopotosha.

```
Ad set name,Result indicator,Results,Reach,Impressions,Frequency,Amount spent (USD)
,,,17000,33000,1.94,30.00
Miche-WhatsApp,actions:onsite_conversion.messaging_conversation_started_7d,40,9000,18000,2.00,20.00
Miche-Bei,actions:link_click,250,12000,15000,1.25,10.00
```

Kabla ya namba yoyote, jiulize kila mstari unamhusu nani. Faili hilihili linaweza kushushwa kwa ngazi ya kampeni, ya kundi la matangazo, au ya tangazo mojamoja, na unaweza kuliomba likatwe kwa siku, kwa umri au kwa mkoa. Kwa upande wa muda, safu za `Reporting starts` na `Reporting ends` ndizo zinazokujibu. Zikiwa na tarehe ileile kwenye mstari mmoja, basi mstari ule ni siku moja. Zikiwa na wiki nzima, mstari ni wiki nzima. Mtu akikutumia faili bila kukuambia alilikataje, anzia hapo.

Halafu angalia mstari wa pili kwenye mfano, ule usio na jina. Huo si tangazo lililosahaulika, ni jumla. Unakuja pale aliyeshusha faili alipoacha chaguo la kuweka mstari wa jumla likiwa limewashwa. Ukiburuta `SUM` kuanzia juu hadi chini bila kuuona, Excel itakuambia umetumia dola 60, wakati zimetumika 30. Dalili yake ni rahisi: hesabu yako inatoka mara mbili kamili. Mimi huuhamishia kwenye karatasi nyingine kabla sijagusa chochote, lakini siufuti, kwa sababu una kitu ambacho huwezi kukipata kwingine. Nakuja hapo sasa hivi.

`Impressions` ni idadi ya mara ambazo tangazo lilionekana kwenye kioo. `Reach` ni makadirio ya idadi ya watu walioliona. Fikiria konda wa daladala ya Uyole na Mwanjelwa. Jioni anaweza kuwa amekata nauli 300, ila vichwa haviwezi kufika 300, maana mwanafunzi aliyepanda asubuhi ndiye huyohuyo aliyerudi mchana. Nauli ni `Impressions`, vichwa ni `Reach`.

Kwa hiyo nauli unajumlisha bila wasiwasi: 18,000 na 15,000 ni 33,000, na mstari wa jumla unakubali. Sasa jumlisha vichwa. 9,000 na 12,000 ni 21,000, lakini jumla inasema 17,000. Faili halijakosea. Kuna watu kama 4,000 walioona matangazo yote mawili. Kila tangazo limewahesabu kwake, na kwenye jumla wamehesabiwa mara moja tu. Ukilikata faili kwa siku, hiyo tofauti inakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mtu aliyeliona Jumatatu, Jumanne na Jumatano anatokea kwenye mistari mitatu. Nimeshaona ripoti za watu wanaolipwa kwa kazi hii zikijumlisha `Reach` ya siku thelathini na kumwambia mwenye duka amefikia watu laki kadhaa. Namba hiyo haipo popote. `Reach` ya mwezi unaipata kwa kuomba mwezi mzima kama mstari mmoja, au kwenye huo mstari wa jumla ambao watu wanaufuta haraka.

`Frequency` inafuata mkondo huohuo, kwa kuwa ni `Impressions` kugawanywa kwa `Reach`: wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameona tangazo. Ukichukua 2.00 na 1.25 ukatafuta wastani, unapata 1.63. Ukigawanya 33,000 kwa 17,000 unapata 1.94, na hiyo ndiyo sahihi. Safu yoyote iliyozaliwa kwa kugawanya, iwe gharama kwa matokeo, asilimia ya waliobonyeza au bei ya kuonekana mara elfu, usiitafutie wastani kwenda chini. Rudi kwenye safu mbili zilizoizaa, jumlisha kila moja, isipokuwa `Reach` ambayo unaichukua kwenye mstari wa jumla, kisha gawanya. Bei ya kuonekana mara elfu, ambayo kwenye faili inaitwa `CPM (cost per 1,000 impressions)`, kwa mfano wetu ni hii:

```
=G2/E2*1000
```

Inatoka kama senti 91 za dola. Mstari wa pili hapo ndio wa jumla. Kama umeuondoa, weka `SUM` ya kila safu mahali pake.

Sasa safu iliyomfanya mama wa miche anipigie. Alikuwa ametazama `Results`, akaona 40 upande mmoja na 250 upande wa pili. Akagawanya mwenyewe: tangazo la kwanza nusu dola kwa kila tokeo, la pili senti nne. Akaniambia, "Mwanangu, hili la senti nne ndilo lenye faida. Lile lingine lizime leo."

Nikamwomba asome kwanza kisanduku cha jirani, `Result indicator`. Hicho ndicho chenye maandishi ya kutisha, na ndicho kinachosema `Results` ya mstari ule imehesabu nini. Meta haihesabu kitu kimoja kwa matangazo yote. Inahesabu lile lengo ulilolichagua siku unaunda kampeni. `actions:link_click` ni mtu kubonyeza kiungo. `actions:onsite_conversion.messaging_conversation_started_7d` ni mtu kuanzisha mazungumzo na biashara baada ya kutokea kwenye tangazo. Ukiusoma mkia wa neno hilo refu umeshalielewa: mazungumzo yameanzishwa, na ile `7d` ina maana kwamba mazungumzo yanahesabiwa mapya kama mtu huyo alikuwa kimya kwa siku 7 au zaidi.

Kwa hiyo 40 ni mazungumzo yaliyoanzishwa, na 250 ni vidole vilivyogusa kioo. Ndiyo maana kisanduku cha `Results` kwenye jumla kiko wazi: vitu viwili tofauti havina jumla. Safu hii ukitaka kuilinganisha, panga kwanza faili kwa `Result indicator`, kisha linganisha mistari yenye kiashiria kimoja tu.

Mama hakuridhika mara moja, na alikuwa na haki. Aliniambia, "Mbona kwenye simu yangu nimehesabu thelathini na tatu, wewe unasema arobaini?" Tukapitia pamoja. Hesabu ya Meta inachukua mazungumzo, haichukui wateja. Mteja aliyeuliza bei wiki mbili kabla, akanyamaza siku saba au zaidi, kisha akarudi kupitia tangazo kuulizia usafiri wa kwenda Njombe, anahesabiwa kama mazungumzo mapya. Kwenye simu ya mama ni jina la zamani. Kuna pia waliotuma ule ujumbe uliojazwa tayari wakaishia hapo, na yeye alikuwa amewafuta kwa kuwaona wasumbufu. Upande wa pili wapo waliochukua namba kwenye picha wakapiga moja kwa moja. Hao faili haliwaoni kabisa, na kwa wanunuzi wa miche, wengi wao watu wazima wenye mashamba, kupiga simu ni jambo la kawaida sana. Tofauti ya aina hiyo naiacha ilivyo. Ningeshtuka kama faili lingesema 40 na simu ikawa na watano.

Kwa kubonyeza nitasema machache tu. Ukikuta `Clicks (all)` na `Link clicks` kwenye faili moja, soma ya pili. Ya kwanza inabeba kila mguso: aliyependa, aliyefungua picha, aliyegusa jina la ukurasa, aliyebonyeza kuona maelezo yote. Asilimia inayotokana nayo, `CTR (all)`, huwa nzuri machoni kwa sababu hiyohiyo. Safu za bajeti, hali ya tangazo na mwisho wa kampeni zinajieleza zenyewe.

Safu za namba ndefu kama `Ad ID` zina mtego wa Excel, si wa Meta. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, na vitambulisho hivi vinazidi hapo. Ukifungua CSV kwa kubofya mara mbili utaona kitu kama `1.20211E+17`, na ukihifadhi, tarakimu za mwisho zinageuka sifuri moja kwa moja. Fungua Excel ikiwa tupu, nenda `Data`, chagua `From Text/CSV`, bonyeza `Transform Data`, na safu hiyo uiweke kuwa `Text`.

Jingine linalowachanganya wanaokata faili kwa siku ni saa. Siku ndani ya faili inafuata saa za akaunti ya matangazo, wala haiijui saa ya ukutani kwako. Akaunti ya mama wa miche ilifunguliwa na kijana mmoja aliyeacha saa za Los Angeles. Kwetu siku ya kule inaanza saa nne asubuhi, au saa tano wakati wao wanaporudisha saa nyuma. Kwa hiyo ujumbe ulioingia Jumamosi saa mbili asubuhi unakaa kwenye mstari wa Ijumaa. Kama mauzo yako ya siku hayaendani na faili na kila mara yanapishana kwa asubuhi moja, angalia mipangilio ya akaunti kabla hujalaumu tangazo.

Tena, mistari ya siku za mwisho haijatulia. Safu ya `Attribution setting` inakuonyesha muda ambao tokeo linaruhusiwa kuhusishwa na tangazo, kwa mfano siku 7 baada ya kubonyeza. Aliyebonyeza Alhamisi akachukua hatua Jumatatu anarudishwa kwenye mstari wa Alhamisi, siku alipokutana na tangazo. Ndiyo maana faili la wiki ileile likishushwa tena baadaye linaweza kuja na `Results` kubwa zaidi. Mimi huandika tarehe ya kushusha kwenye jina la faili.

Mwisho ni `Amount spent (USD)`. Hizo 30 ni za matangazo peke yake. Kodi haimo, na makato ya benki ya kubadili fedha hayamo, kwa hiyo kilichotoka kwenye kadi kwa shilingi kitakuwa zaidi ya unachopata kwa kuzidisha na bei ya dola ya siku hiyo. Kwa kulinganisha tangazo na tangazo nilitumia safu hii. Kwa kitabu cha mama cha mapato na matumizi tulitumia risiti za malipo na taarifa ya benki. Tangazo la WhatsApp tuliliacha liendelee. Lile la bei tulilisimamisha kwa muda, kwa sababu ukurasa wake haukuwa na namba ya simu.