Je, wajua? Kiswahili cha masharti ya tombola

"Ikiwa chini ya masharti imeandikwa kwamba nakala ya Kifaransa ndiyo itakayofuatwa, Kiswahili chake ni cha nini?"

Sababu ni kwamba kifungu hicho hufanya kazi siku ya ugomvi tu, ilhali sehemu kubwa ya masharti ya shindano hufanya kazi kabla ya ugomvi, au pasipo ugomvi wowote. Mtu husoma, huamua kushiriki au kuacha, kisha hutoa jina na namba yake ya simu. Na yote hayo huyafanya kwa kufuata nakala aliyoisoma, ambayo kwa watu wengi wa Lubumbashi ni ile ya Kiswahili iliyobandikwa pale wanaponunulia uniti.

Kifungu chenyewe si cha ajabu. Kifungu cha kwanza cha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 kinakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi ya nchi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Wanasheria wa kampuni huandika kwa Kifaransa, na kesi ikifika mahakamani, karatasi zake huwa za Kifaransa. Pakiwa na maandishi mawili yasiyolingana, ni lazima moja litangulie.

Dhana potofu huanzia hapo. Wengi, wakiwemo baadhi ya wanaolipwa kutafsiri, huchukulia kwamba kwa kuwa Kifaransa kitatangulia, basi kosa lolote la Kiswahili limekwisha kurekebishwa kabla halijatokea. Mfikirie mfanyabiashara wa Soko la Kenya mwenye mizani mbili za unga: moja ipo mbele ya wateja, nyingine ipo ndani, na amekwisha kutangaza kwamba mkibishana, ya ndani ndiyo itakayoamua. Ikiwa ile ya mbele inampa mteja unga zaidi ya haki yake, mwenye duka atagutuka na kuileta ya ndani. Lakini ikiwa ya mbele inamfanya mteja aone kwamba fedha zake hazitoshi hata kipimo kimoja, mteja huyo ataondoka zake bila kubishana na mtu. Mizani ya ndani ni sahihi kabisa, ila hakuna aliyeiita. Kifungu cha lugha nacho ni hivyo hivyo: hukamata tafsiri inayowaingiza watu wasioruhusiwa, lakini hakikamati kamwe tafsiri inayowazuia walioruhusiwa.

Tuchukue tombola ya kubuni ambayo zawadi yake ni pikipiki. Masharti ya Kifaransa yanawaondoa wafanyakazi wa mwandaaji, jamaa zao wa mstari wa moja kwa moja, na wote wanaoishi nao chini ya paa moja. Katika sheria, mstari wa moja kwa moja ni wa kupanda na kushuka: wazazi na wazazi wao, watoto na watoto wao. Kaka na dada hawamo, kwa sababu wao huhesabiwa pembeni. Hata mke au mume hayumo katika mstari huo. Anayemzuia ni yale maneno ya paa moja.

Sasa mfasiri mwenye haraka anaandika "wafanyakazi na ndugu zao". Mfanyakazi wa Kamalondo ana mdogo wake mwenye nyumba yake Katuba. Kwa Kifaransa, mdogo huyo anaruhusiwa kucheza, kwa kuwa yuko pembeni na haishi na kaka yake. Kwa Kiswahili hicho amezuiwa, na pamoja naye wamezuiwa watoto wa mama wadogo, watoto wa wajomba, na pengine nusu ya kijiji alikotoka baba yao. Hawatalalamika, kwa sababu wanaamini kwamba wametii masharti.

Mfasiri mwingine anakwepa mtego huo na kuandika "wafanyakazi, wazazi wao na watoto wao", akiliacha paa. Mpwa aliyetoka Likasi kuja kusoma, ambaye analala kwa mfanyakazi huyo huyo, anasoma, anaona hakutajwa, anacheza na anashinda. Hapo ugomvi unazuka, nakala ya Kifaransa inaletwa, na pikipiki inampita. Kati ya makosa hayo mawili, kifungu cha lugha kimerekebisha moja tu, tena lile ambalo lingemgharimu mwandaaji.

Tafsiri inayofaa hapa haina budi kuwa ndefu kuliko Kifaransa: "mfanyakazi, wazazi wake na wazazi wa wazazi wake, watoto na wajukuu wake, pamoja na mtu yeyote anayeishi naye nyumba moja". Maneno "wazazi wa wazazi" yana sababu yake, kwani "babu na bibi" yangefaa Dar es Salaam, lakini Lubumbashi bibi wa mtu kwa kawaida ni mke wake. Njia rahisi ya kupima ni kumpa mtu nakala ya Kiswahili peke yake na kumwuliza: je, yule mdogo wa Katuba anaruhusiwa, na yule mpwa wa Likasi? Mwanasheria aulizwe hayo hayo kwa nakala yake ya Kifaransa. Majibu yakitofautiana, kosa limeonekana kabla bango halijachapishwa.

Saa ya kufunga nayo hupimwa kwa njia hiyo. Nchi ina saa mbili, na Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, hivyo "usiku wa manane wa tarehe 31" ulioandikwa Kinshasa hautoshi. Ni afadhali kuandika tarehe, saa 23:59, na mji ambao saa yake inafuatwa.

Kwenye data binafsi, kifungu cha lugha hudhoofika zaidi. Kanuni ya Dijitali, iliyotolewa kwa amri-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inagusa pia ulinzi wa data hizo, na ridhaa ina maana tu ikiwa mtu alijua anaridhia nini. Ikiwa Kifaransa kinasema kwamba namba za simu zitapewa pia washirika wa kibiashara, na Kiswahili kinasema zitatumika "kwa ajili ya shindano", mshiriki aliridhia shindano tu. Kumwonyesha Kifaransa baadaye ni kumwonyesha jambo ambalo hakuulizwa. Jaji anaweza kuona vingine, lakini mwandaaji makini hatamtegemea jaji kwa sentensi inayoweza kukamilishwa kwa maneno matano.

Kuhusu migogoro, kosa la kawaida ni lile la uamuzi wa mwandaaji "usio na rufaa", unaotafsiriwa kuwa "hakuna atakayekwenda mahakamani", wakati kifungu kinachofuata kinataja mahakama ya Kinshasa/Gombe. Kilichofungwa ni kupinga matokeo mbele ya mwandaaji mwenyewe; mlango wa mahakama unabaki palepale, ingawa kutoka Lubumbashi ni safari ya ndege. Kwa hiyo huandikwa: "Uamuzi wa mwandaaji kuhusu uendeshaji wa shindano ni wa mwisho ndani ya shindano", kisha mahakama inatajwa kwa jina na mji wake. Na sentensi inayosema Kifaransa ndicho kitakachofuatwa huwekwa juu kabisa ya nakala ya Kiswahili, pamoja na mahali nakala hiyo ya Kifaransa inapopatikana, ili msomaji aikute kabla hajatuma namba yake.